Makato ya Miezi Mitatu ya Kwanza

Sisi tunaohudumu katika kamati ya ustawi ya kanisa letu tumezoea maombi ya aina tatu: karo, hospitali na mazishi. Miaka ya karibuni limeongezeka la nne. Mzazi huja baada ya ibada akiwa na simu mkononi, atuonyeshe ujumbe wa sauti kutoka Riyadh, Jeddah au Dammam, na neno linalorudiwa katika ujumbe huo ni "wamenikata". Amefanya kazi mwezi mzima na hakupata kitu, au amepata nusu, na akiuliza anaambiwa kwamba ni pesa za viza, za tiketi na za ofisi.

Tumeamua kuandika habari hii kwa kirefu kwa sababu washirika wengi huamini kwamba makato hayo ni halali, kama mkopo wa kawaida. Mtu amepelekwa ng'ambo bila kulipa nauli, kwa hiyo ni haki arudishe. Hivyo ndivyo tulivyosikia hata kutoka kwa wazazi wenyewe. Hesabu inasema vingine, na tutaieleza kwa kutumia mambo ya binti mmoja wa kwetu, ambaye ameturuhusu tuyaeleze bila jina lake.

Binti huyu aliajiriwa kazi ya nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, mshahara riyali 1,000 kwa mwezi. Riyali moja tuliihesabu shilingi 34, kwa hiyo ni kama shilingi 34,000. Broka wa mtaani alimwambia kwamba anakwenda bure. Hata hivyo, kabla ya kupanda ndege alikuwa ametumia shilingi 40,000: pasipoti, cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, mafunzo ya kazi za nyumbani, nauli za kwenda Nairobi mara tano, na kitu kidogo cha broka ambacho hakikuwa na risiti. Pesa hizo alizikopa kwenye chama cha mamake kwa riba ya asilimia kumi kila mwezi. Neno "bure" lilikuwa na maana ya tiketi na viza tu.

Sasa tiketi na viza hulipwa na nani? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Familia ya Saudia inayotaka mfanyakazi wa nyumbani huingia katika mfumo wa serikali unaoitwa Musaned, huchagua ofisi ya kuajiri ya huko, na hulipa ofisi hiyo jumla moja kubwa kwa ajili ya kumpata mfanyakazi. Viza nayo hulipiwa na mwajiri. Ofisi ya huko humgawia wakala wa Nairobi sehemu yake, na wakala humpa broka wa mtaani kamisheni kwa kila kichwa. Kwa hiyo siku binti anapofika uwanja wa ndege, safari yake imekwisha kulipwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna deni lililobaki. Makato yakianza, basi safari ile ile inalipwa mara ya pili, na mara hii analipa yule mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo.

Mwajiri wa binti yetu hakuona hivyo. Alimwambia wazi kwamba amemnunua kwa pesa nyingi na lazima zirudi. Miezi mitatu ya kwanza hakumpa hata riyali moja. Ni riyali 3,000, yaani shilingi 102,000. Huku nyumbani chama kilikuwa kinadai riba ya shilingi 4,000 kila mwezi, na mamake aliuza mbuzi wawili kuilipa. Baba alikuwa amemtarajia alipe karo ya mdogo wake wa kidato cha pili. Mtoto alikaa nyumbani wiki tano.

Akampigia wakala wa Nairobi. Wakala akamjibu kwa upole sana: "Vumilia, dada, miezi mitatu si mingi, baada ya hapo mambo yatakuwa sawa." Tulijiuliza kwa nini jibu huwa ni miezi mitatu, kwa maana tulikuwa tumelisikia neno hilo hilo kutoka kwa familia nyingine mbili zilizotumia mawakala tofauti. Ukweli ni kwamba siku 90 za kwanza ni muda wa majaribio. Mfanyakazi akikataa kazi au akirudi ndani ya siku hizo, mwajiri hudai arudishiwe pesa zake au aletewe mtu mwingine, na hasara humwangukia wakala. Siku ya 91 ikifika, wakala ametoka kwenye hatari. Basi mwajiri anayezuia mshahara na wakala anayehimiza uvumilivu hutegemea kipindi kile kile, kila mmoja kwa faida yake. Yakobo alipotumika kwa Labani katika nchi ya ugeni alibadilishiwa mshahara mara kumi, na aliyembadilishia alikuwa mjomba wake. Hawa si wajomba wa mtu.

Kuna karatasi nyingine inayomfunga binti mdomo. Jioni ya kuamkia safari, ofisi ya wakala humtia sahihi fomu inayosema kwamba akivunja mkataba atalipa gharama zote. Kwa binti yetu kiasi kiliachwa wazi, mstari mtupu. Baba yake naye alitia sahihi kama mdhamini. Ndiyo sababu mzee huyo alikuwa wa kwanza kutusihi tunyamaze; aliogopa kwamba tukiuliza, shamba lake litauzwa. Tulimweleza kwamba kuuliza mshahara si kuvunja mkataba. Alituelewa polepole.

Tulianza na mkataba wenyewe. Kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, mkataba wa kazi ya nchi za nje unatakiwa uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na kuthibitishwa na afisa wa leba. Nakala ya binti ilikuwa kwenye simu ya dada yake kwa bahati njema. (Tunawaomba wote wanaosafirisha watoto wao wapige picha kila ukurasa, kwa kuwa karatasi huchukuliwa pamoja na pasipoti siku ya kwanza.) Mkataba ulitaja mshahara wa riyali 1,000 na haukuwa na mstari hata mmoja unaotaja makato ya viza au ya tiketi.

Kisha tukatazama kanuni za Saudia zenyewe, kwa msaada wa kijana wa kanisa letu aliyewahi kufanya kazi huko. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani za mwaka 2013 ziliruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu chache tu: kitu alichoharibu mfanyakazi kwa makusudi au kwa uzembe, pesa alizomtangulizia, au amri ya mahakama. Na hata hapo makato hayakuruhusiwa kuzidi nusu ya mshahara. Baadaye serikali ya huko ikatangaza wazi kwamba gharama za kuajiri, za kibali cha ukaazi kinachoitwa ikama na za kibali cha kazi ni za mwajiri, na hazitozwi mfanyakazi. Sheria ya nusu mshahara inatosha kuwa kipimo cha haraka kwa mzazi yeyote asiyejua Kiarabu. Mwezi wenye sifuri hauwezi kuwa halali, hata kama sababu iliyotolewa ni ya kweli.

Ushahidi ndio ulikuwa mgumu. Kila mwisho wa mwezi binti alipewa karatasi ya Kiarabu atie sahihi, na yeye alidhani ni karatasi ya deni. Tulimwomba aipige picha. Kijana wetu aliisoma: ilikuwa stakabadhi kwamba amepokea mshahara wote, riyali 1,000. Miezi mitatu, stakabadhi tatu, na kwa maandishi mwajiri hakuwa na kosa lolote. Tangu Julai 2024 mikataba mipya ya kazi za nyumbani huko inatakiwa kulipwa kupitia benki au pochi za simu zilizounganishwa na Musaned, na utaratibu huo ukasambazwa hatua kwa hatua hadi Januari 2026 kwa waajiri wote. Ni msaada mkubwa, lakini haumalizi ujanja. Tumemsikia dada mwingine ambaye mshahara huingia kamili kwenye akaunti, kisha bibi wa nyumba humpeleka kwenye mashine ya pesa na kuchukua nusu mkononi.

Tuliandika barua mbili. Ya kwanza kwa wakala, tukitaja tarehe, viwango na ile fomu ya mstari mtupu, na nakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, inayotoa leseni kwa mawakala. Ya pili kwa afisa wa leba katika ubalozi wa Kenya mjini Riyadh. Hatukutumia maneno makali. Wakala mwenye leseni ameweka dhamana, na leseni hiyo inahitaji kufanywa upya, kwa hiyo barua yenye hesabu humsumbua kuliko matusi. Baada ya wiki sita mwajiri alilipa riyali 2,000. Riyali 1,000 za mwezi wa tatu alikataa, akisema ni za simu aliyomnunulia binti na nguo. Simu ile ilikuwa ya riyali 300. Mambo yakabaki hapo, kwa sababu binti mwenyewe alichagua kubaki kazini kuliko kuendelea na kesi, na uamuzi huo ni wake.

Linalobaki ni letu hapa nyumbani. Broka aliyempeleka ni mshirika mwenzetu, tena mkarimu. Katika harambee ya paa aliahidi mabati 40. Kamati iligawanyika. Mama mmoja alisema mabati hayo yamenunuliwa kwa mishahara ya watoto wetu. Mzee mmoja akajibu kwamba broka alilipwa kamisheni yake na wakala, na hakumkata mtu. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, kwa maana kamisheni hulipwa na wakala, lakini kile kitu kidogo kisicho na risiti kilitoka mfukoni mwa binti, juu ya mkopo wa chama. Tulimwita ndugu huyo tukamwambia hivyo uso kwa uso. Tulimwomba mambo mawili: arudishe pesa zile, shilingi 6,000, na kila anayempeleka kwa wakala aje kwetu na mkataba kabla ya kutia sahihi chochote. Mabati tumeyaacha kwake kwanza.

Shilingi 6,000 alizirudisha kwa mamake binti, mara mbili, na zikaenda moja kwa moja kwenye chama. Kuhusu mikataba, hadi sasa ameleta miwili. Mmoja ulikuwa sawa. Wa pili ulikuwa na ile fomu ya mstari mtupu, na msichana mwenye fomu hiyo bado yuko nyumbani, anasubiri wakala aandike kiasi.