Mshono Uonekane: Hotuba ya Kufungua Maonyesho ya Picha Mseto



Hotuba ya kufungua maonyesho yapasa kuwa fupi, kwa kuwa wageni wamekuja kutazama. Hata hivyo, klabu ya wapiga picha wa mtaani, hapa Nakawa, iliponiomba kuyafungua maonyesho yake, niliona kuna jambo lisilofaa kuachwa. Kazi zote zilikuwa picha mseto. Neno hili walijua kutoka jikoni: mseto ni mchele na choroko vilivyopikwa katika chungu kimoja. Picha mseto nayo huundwa kwa vipande vya picha mbili au zaidi. Tofauti ni kwamba choroko hujionyesha sahanini, ilhali mshono wa picha waweza kufichika kabisa.

Chukua mfano wa kazi moja. Nyuma zimejipanga nyumba za mtaa wa zamani wa Nakawa, zile zilizobomolewa mwaka 2011 na wakaaji wake wakatawanyika. Mbele yake wanapita waendesha bodaboda wa leo. Nyumba ni za kweli, na waendeshaji ni wa kweli. Lakini hawakukutana kamwe.

Mwenye kazi alinieleza jinsi jaribio lake la kwanza lilivyomshinda. Picha ya zamani ilipigwa mchana wa Desemba, na ile mpya aliipiga mchana wa Juni. Kampala iko karibu sana na ikweta, kaskazini yake kidogo. Mwezi Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na vivuli huangukia kusini. Desemba mambo hugeuka, vivuli vikaangukia kaskazini. Basi nyumba zilitupa kivuli upande mmoja na pikipiki upande wa pili, kana kwamba mtaa ulikuwa na majua mawili. Hakuvipaka rangi vivuli hivyo. Alisubiri Desemba, akarudi saa ileile, akapiga upya.

Palikuwa na tatizo la pili, nalo ni kimo cha kamera. Kamera ikishikwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, mstari wa upeo hupita machoni mwa kila mtu wa kimo hicho aliyesimama kwenye ardhi tambarare, awe karibu au mbali. Ukiwaona watu wa mbali macho yao yako juu kabisa ya mstari huo, shuku kwamba wamebandikwa. Tazama pia kingo za nywele na majani: mkato uliofanywa kwa haraka huacha utepe mwembamba wa mwanga wa mahali pengine.

Baada ya kuyajua hayo, niliandika hotuba hii:

“Wazee wetu, viongozi wa mtaa, wanaklabu na wageni wote, karibuni. Mtakachokiona humu kimeunganishwa kwa mikono. Ufundi huu ni wa zamani: mwaka 1858, Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha negativu tano kuonyesha binti akikata roho mbele ya jamaa zake. Binti yule alikuwa mzima, alikuwa akiigiza. Nanyi mtawaona majirani mbele ya nyumba ambazo hazipo tena. Msiulize kama tukio lilitokea, kwa maana halikutokea. Ulizeni ni nini kilichowekwa karibu na nini, na kwa sababu gani. Aliyeishi katika nyumba hizo akiona kosa, amwambie mwenye picha leo hii. Kwa heshima hiyo, nayafungua maonyesho.”

Kwa nini kuutaja mshono waziwazi? Kwa sababu picha haibaki ukutani. Mgeni mmoja ataipiga kwa simu, ataituma kwenye kundi la WhatsApp, na karatasi ya maelezo iliyobandikwa kando itakatwa. Kesho picha ileile yaweza kuonyeshwa mkutanoni kama ushahidi kwamba nyumba fulani ingali imesimama, au kwamba fulani alikuwa mahali fulani. Katika mtaa ambao watu wake waliondolewa majumbani, jambo hilo si mzaha. Aliyeishi pale kweli ndiye ambaye ushahidi wake halisi utaanza kutiliwa shaka.

Kwa hiyo niliwaomba wanaklabu waandike maneno machache ndani ya picha yenyewe, kwenye ukingo wa chini: “Picha mseto”, kisha mwaka wa kila kipande. Mmoja alilalamika kwamba maandishi yataharibu uzuri. Nilimjibu kwamba mtazamaji anayejua kuwa kuna miaka miwili ndani ya picha moja huitazama kwa muda mrefu zaidi, maana huanza kuutafuta mpaka kati ya miaka hiyo. Alikubali, ila akaomba herufi ziwe ndogo. Tulipatana: ndogo, lakini zisomeke hata kwenye kioo cha simu.