Sabuni Tatu

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu Busia, upande wa Kenya, nilifungua duka la darasa na wanafunzi wa Gredi ya 3. Walileta pakiti tupu za sabuni, majani ya chai na chumvi kutoka nyumbani. Pesa tulizikata kwa manila. Kwa kuwa darasani walikuwamo watoto wanaovuka mpaka kila siku, tulikata shilingi za Kenya na za Uganda. Kiwango tulikiandika ubaoni: shilingi 1 ya Kenya ni 28 za Uganda.

Daftari letu lilikuwa na safu tatu: zilizokuwapo, zilizouzwa, zilizobaki. Asubuhi tulihesabu pakiti 20 za sabuni, kila moja shilingi 40. Tulipofunga, zilibaki 8, na daftari lilionyesha 12 zimeuzwa. Bidhaa zilikuwa sawa kabisa.

Pesa hazikuwa sawa. Kwenye kopo mlikuwa na shilingi 360 za Kenya, yaani sabuni 9. Sabuni 3 zilizosalia zilinunuliwa kwa pesa za Uganda, na kila moja ilipaswa kuleta 1,120, jumla 3,360. Tulikuta 3,000.

"Nani amechukua?" niliuliza. Darasa zima likamgeukia muuzaji, msichana ambaye mama yake huuza mboga karibu na mpaka. Machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, sijachukua. Kwa mama, elfu moja ya Uganda ni arobaini."

Nilipiga hesabu. Elfu moja kwa arobaini ni kiwango cha 25. Alikuwa ametumia bei aliyoizoea kibandani, si ile ya ubaoni. Mimi ni mzaliwa wa Tororo, nimekua nikiwasikia watu wakibishana kuhusu kiwango cha siku, lakini sikufikiria hilo kabla ya kufikiria wizi.

Daftari lilikuwa limeshanijibu, ila sikulisoma. Kama pakiti zingepungua kuliko zilizoandikwa, ningeuliza nani alitoa bidhaa bila kuandika. Pakiti zilipokuwa kamili na pesa pungufu, swali la kwanza lilipaswa kuwa la bei, chenji au kiwango. Hata wizi wa kweli ungefuata baada ya hayo.

Lakini daftari nalo lilikuwa na kasoro yangu. Lilisema "sabuni 3" bila kusema zililipiwa pesa gani wala kiasi gani. Laiti msichana yule asingejieleza, nisingeweza kumtetea kwa maandishi.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha tukaongeza safu mbili: pesa ya nchi gani, na kiasi kilichopokelewa. Aliyezichora ubaoni ni yeye. Alipomaliza, aliniuliza, "Mwalimu, na kiwango kikibadilika saa sita?"

Tukaongeza safu ya sita.