Msamiati wa Ulimi na Pua

Katika lugha yetu hakuna neno lifanyalo kazi nyingi mezani kuliko neno tamu. Asali ni tamu, na mchuzi wa dagaa uliotiwa chumvi na pilipili nao ni mtamu, ingawa hauna hata chembe ya sukari. Niliwahi kupewa kazi ya kusoma insha za wanafunzi wa sekondari kuhusu vyakula vya kwao. Walioandika walitoka pwani na bara, wengine kwenye ndizi, wengine kwenye mtama, wengine kwenye samaki. Lakini walipofika mahali pa kueleza chakula chenyewe, karibu wote waliandika kwamba kilikuwa kitamu sana, wakahamia kwenye aya nyingine. Aliyekuwa na ari zaidi aliandika kwamba kilikuwa kitamu mno.

Sisemi kwamba neno lenyewe lina kasoro. Mkulima wa muhogo hulitumia kwa uangalifu mkubwa. Kwake muhogo mtamu si ule wenye sukari, bali ni ule usio mchungu, ambao waweza kuchemshwa na kuliwa siku hiyo hiyo. Muhogo mchungu sharti umenywe, ulowekwe majini siku kadhaa mpaka ulainike, kisha uanikwe na kutwangwa, kwa sababu ndani yake mna kitu ambacho huzalisha sumu ya sianidi muhogo unapokatwa au kusagika. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wengi wa Tarime walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa ipasavyo. Hivyo katika shamba la muhogo maneno tamu na chungu ni alama za njia, na anayeyachanganya hujiweka hatarini. Shida huanza tunapoliondoa neno tamu katika kazi yake hiyo na kuligeuza kuwa sifa ya kila kitu.

Ndugu yake, neno baya, lina uvivu uleule, na madhara yake niliyaona kwa macho yangu nilipokuwa karani kijana katika ofisi ya wilaya. Shule moja ya bweni iliandika barua kwamba wanafunzi wamesusa ugali kwa siku mbili kwa kuwa chakula ni kibaya. Barua ilipendekeza mpishi aondolewe. Nilitumwa kwenda kusikiliza. Kila niliyemwuliza alinijibu, "Ugali ni mbaya, Mzee," nami sikuwa mzee hata kidogo wakati huo. Nilipouliza ubaya wa namna gani, walinyamaza au wakarudia neno lile lile. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akisikiliza shtaka ambalo hakuweza kulijibu, maana halikuwa limesema lolote.

Hebu msomaji ayatenge mashtaka yanayoweza kujificha ndani ya neno moja hilo. Ugali ukiwa na harufu ya kuungua, kosa ni la moto na la mpishi. Ukiwa na madonge ya unga mbichi, kosa ni la mwiko, na mpishi ni huyo huyo. Ukiwa na mchanga unaokwaruza meno, yafaa kutazama kinu na magunia. Ukiwa na uchachu, pengine umelala. Lakini ukiwa na uvundo, yaani harufu nzito ya kitu kilichofungiwa mahali penye unyevu, au ukiwa na uchungu unaobaki kinywani baada ya kumeza, hapo mpishi hana hatia, kwa sababu hakuna mwiko unaoweza kutia uvundo katika unga.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, binti wa wakulima, ndiye aliyelitegua jambo. Alisema, "Shikamoo. Ugali wenyewe umeiva vizuri na ni laini, lakini unga una uvundo. Ukishameza, uchungu unabaki." Tulifungua ghala. Magunia ya dona yalikuwa yamepangwa sakafuni, yakigusa ukuta ambao mvua ilikuwa ikipenya. Ya chini yalikuwa yameshikana mabonge na kuota ukungu. Dona husagwa pamoja na kiini cha mahindi, na kiini hicho kina mafuta. Unga wake ukikaa muda mrefu, hasa penye joto, mafuta hayo huharibika na kuleta uchungu, na ndiyo sababu sembe hustahimili ghalani kuliko dona. Mpishi akabaki kazini kwake. Magunia yakatolewa, na yaliyofuata yakawekwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Sitaki mtu achukue kisa hiki na kudhani kwamba pua inatosha. Sumukuvu, ile sumu inayoachwa na baadhi ya kuvu katika mahindi na karanga, yenyewe haina ladha wala harufu ya kumwonya mlaji. Mwaka 2016 ililetea watu maradhi na vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Uvundo hutuambia kwamba unyevu na kuvu vimeingia, na hapo nafaka hutupwa. Lakini kukosekana kwa uvundo si hati ya usalama.

Sasa nirudi kwenye chakula kizuri, maana nimegundua kwamba tuna maneno mengi ya kueleza makosa kuliko ya kueleza sifa. Chukua wali wa nazi. Anayetaka kuusifu kwa haki aanze na pua. Lugha yetu imempa vitenzi viwili ndugu, kunuka na kunukia, na herufi moja tu ndiyo inayotenga uvundo na manukato. Wali wa nazi hunukia mara mbili: kwanza sufuria inapofunuliwa, ambapo mvuke hubeba harufu ya tui, kisha chini kabisa, mahali pa ukoko, ambako kuna harufu ya kitu kilichokaushwa na moto bila kuungua. Ukoko ukizidi moto, harufu hiyo hugeuka moshi, na moshi hupanda mpaka kwenye punje za juu.

Kisha ulimi. Chumvi ikiwa haitoshi, wali ni chapwa, ama kama wasemavyo wengine, ni dufu. Chumvi ikifika mahali pake, tunasema imekolea, na hili nalihesabu kuwa miongoni mwa maneno bora tuliyo nayo, kwa sababu halisemi kwamba kitu kimezidi wala kimepungua; linasema kimeingia mpaka ndani. Mwaka 1908 mtaalamu wa kemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitenga katika mchuzi wa mwani kitu kinacholeta ladha ambayo si ya chumvi, wala sukari, wala siki, wala uchungu, akaiita umami. Kitu hicho kimo pia kwa wingi katika nyanya zilizoiva. Hatuna jina la ladha hiyo, lakini mama anayeonja mchuzi wa dagaa na nyanya kiganjani, akatikisa kichwa na kusema, "Bado haujakolea," nadhani anaitafuta hiyo hiyo, wala haitafuti chumvi peke yake.

Upande wa pili wa kukolea ni kukinaisha. Nazi mbili pevu kwa kilo moja ya mchele hutosha. Mpishi hukuna nazi kwa mbuzi, hukamua tui zito la kwanza na kuliweka kando, kisha hutia maji katika machicha na kukamua tui jepesi, ambalo ndilo mchele huivia. Tui zito huingia mwisho, kabla ya kupalia makaa. Anayelimimina lote, tena kwa nazi nne, hupata wali ambao tonge la kwanza ni la furaha na tonge la sita hukinai. Anayetumia koroma, yaani nazi ambayo haijapevuka, atapata tui la maji matupu na atalalamika kwamba wali ni dufu ingawa chumvi imekolea. Na anayetumia nazi iliyokaa mpaka ikaharibika ataonja ladha ya mafuta mabovu, na hapo hakuna hiliki itakayoificha.

Mwisho ni meno na vidole, na hapa ndipo insha za wanafunzi hunyamaza kabisa. Wali mzuri huchambuka: punje husimama mbalimbali, lakini zina mafuta ya kutosha kushikana tonge linapofinyangwa. Ukizidiwa maji hugeuka mashendea. Ukipungukiwa, nje utakuwa laini na ndani utauma jino, kwa kuwa punje ina kiini kibichi. Ukoko hutafunwa kwa sauti. Mchuzi unaomiminwa juu yake waweza kuwa mwepesi au rojo. Mlenda huteleza na kuvutika. Samaki aliyeiva huachana na mfupa akiguswa, na aliyepita kiasi hukauka akawa kama nyuzi. Ndizi iliyopikwa vizuri ni teteke, na haihitaji jino.

Liko neno moja ninalolipenda kwa sababu linanihusu pande zote mbili, kama mlaji na kama mtunzi wa mashairi. Neno hilo ni ukakasi. Bibo la mkorosho lina sukari, lina maji tele, nalo hunukia. Lakini likishamezwa, ulimi huhisi umekauka na kuparara kama uliopakwa vumbi. Ndizi mbichi hufanya vivyo hivyo. Huo ni ukakasi, nao hasa si ladha bali ni mguso: vitu vilivyomo ndani ya tunda hunasa utelezi wa mate, na ulimi ukabaki bila mafuta yake. Ndiyo maana sukari haiuondoi. Watunzi nao husema beti lina ukakasi pale maneno yanapokwaruzana, hata kama vina na mizani vimetimia, na hapo pia kuongeza maneno matamu hakusaidii.

Pilipili nayo si ladha. Tunasema ni kali, na siki tunaiita kali, na chai ya majani mengi tunaiita kali, hata msomaji asijue ni ukali upi. Kwa siki, ndimu na ukwaju liko neno ugwadu. Kwa pilipili kiko kitenzi kuwasha, ambacho kinasadifu maumbile yenyewe, kwa kuwa kiini cha pilipili hugusa mishipa ile ile inayotambua moto na maumivu. Ndiyo maana huwasha hata jichoni, mahali pasipo na ulimi.

Na samaki mbichi ana shombo, neno ambalo halimhusu nyama wala yai. Samaki aliyevuliwa alfajiri ana shombo jepesi la bahari; wa jana shombo lake huchoma pua, na hapo matamvua yake huwa yamepoteza wekundu. Wapishi wa pwani humpaka ndimu na chumvi kabla ya kumkaanga, wala si kwa ajili ya ugwadu tu. Viini vinavyoleta shombo vina tabia kama ya magadi, na ukali wa ndimu huvifunga visiruke hewani. Mkono ulioparua samaki nao husuguliwa kwa ganda la ndimu hiyo hiyo, kabla ya kushika unga.