Kodi ya Shilingi, Deni la Riyali

Mtoto wa dada yetu ni dereva huko Dammam, Saudia. Ametuandikia kututaka tuupime mpango wake wa kujenga vyumba 6 vya kukodisha hapa Ukunda, kila kimoja na choo chake ndani. Kwa kuwa nyumba nyingi za pwani yetu zina kijana au binti aliye Ughaibuni mwenye azma kama hiyo, tumeona tuyaeleze hapa tuliyoyapima, huenda yakazifaa jamaa nyingine.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Fundi amemkadiria shilingi 400,000 kwa kila chumba, pamoja na shimo la choo na tangi la maji, yaani 2,400,000 kwa jumla. Kila chumba kitatoa kodi ya 6,000, na vyote sita vitatoa 36,000 kwa mwezi. Akaigawanya kwa 34, kwa kuwa riyali moja ni kama shilingi 34 hivi, akapata riyali zipatazo 1,060. Hapo moyo wake ukatulia. Akiba yake ni riyali 50,000, ambazo ni shilingi 1,700,000. Zilizopungua, kama riyali 21,000, rafiki yake wa kazini yu tayari kumkopesha bila ya riba, naye atarudisha riyali 1,000 kila mwezi kutoka katika kodi.

Mkopo usio na riba ni wema mkubwa, na hatukuona aibu yoyote ndani yake. Tulilolitilia shaka ni hiyo kodi inayotarajiwa kuulipa.

Kwanza, 36,000 ni kodi ya mwezi ambao vyumba vyote vina watu na watu wote wamelipa. Ukunda hula kwa mkono wa hoteli za Diani. Mvua za masika zinapoingia na wageni wakapungua, hoteli huwapumzisha wafanyakazi, na mpangaji aliyepumzishwa hufunga mizigo akarudi kwao. Basi tulikiondolea kila chumba kodi ya mwezi mmoja kwa mwaka, ikabaki 396,000 badala ya 432,000. Kisha upo ushuru wa serikali: tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya ambaye kodi yake ya nyumba za makazi inazidi 288,000 kwa mwaka, na haikuvuka milioni 15, hulipa asilimia 7.5 ya kodi aliyoipokea, kabla ya kutoa gharama yoyote. Hiyo ni 29,700. (Asiyehesabika kuwa mkaazi hutozwa kwa njia nyingine iliyo nzito zaidi, kwa hivyo kijana alihakikishe hilo kabla ya kujenga.) Mjomba wake atakayekusanya kodi na kuamua ugomvi wa maji tumemwekea 3,000 kwa mwezi, na 60,000 kwa mwaka ni za rangi, vitasa, pampu na gari la kunyonya choo.

Kilichobaki ni 270,300 kwa mwaka, yaani kama 22,500 kwa mwezi. Kwa 34, hizo ni riyali 660. Deni linataka 1,000. Pengo la riyali 340 litatoka katika mshahara wake kila mwezi, jambo ambalo katika barua yake halikuwamo.

La pili ndilo zito zaidi, nalo ni hiyo 34 yenyewe. Riyali ya Saudia imefungwa na dola ya Marekani tangu 1986, kwa riyali 3.75 kwa dola moja, na haisogei. Kinachosogea ni shilingi yetu. Mwaka 2019 dola ilikuwa kama shilingi 101 na riyali kama 27. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu 160, na riyali ikakaribia 43. Kabla ya mwaka huo kwisha, dola ilikuwa imerudi 129 hivi na riyali kwenye 34 na ushei.

Ajaribu kuiweka kodi yake safi ya 22,500 katika nyakati hizo. Kwa 27 ni riyali 833. Kwa 43 ni riyali 523. Mpangaji ni yule yule, chumba ni kile kile, wala hakuna aliyekosa kulipa, lakini mwenye deni la riyali amepoteza zaidi ya theluthi. Wala hawezi kuipandisha kodi kuifuata riyali, kwa kuwa mhudumu wa hoteli analipwa shilingi, na jirani ana vyumba vya 6,000 vilivyo wazi. Na shilingi ikidhoofika, vitu vya kutoka nje kama mota ya pampu navyo hupanda bei. Deni la riyali hulipwa kwa riyali. Rafiki hawezi kuambiwa achukue shilingi kwa bei ya mwaka uliopita. Urafiki wa miaka mingi unaweza kuvunjwa na kigeugeu cha sarafu ambacho hakuna kati yao aliyekitenda.

Lakini shilingi si adui wa mpango huu, ikiwekwa mahali pake. Kila mwezi kijana humletea mama yake riyali 500, ambazo ni shilingi 17,000, za chakula, dawa na stima. Mahitaji hayo yote hununuliwa kwa shilingi. Tulimwambia ajenge vyumba 4 kwa akiba yake mwenyewe, shilingi 1,600,000, bila ya kukopa. Kwa kipimo kile kile, vinne vitabakisha kama 15,000 kwa mwezi. Fedha hizo zisivuke bahari. Ziende moja kwa moja kwa mama. Yeye ataongeza 2,000 tu, na riyali 440 zitabaki mkononi mwake huko huko zikiwa riyali. Shilingi ikianguka, zile alizoziweka zitanunua simiti na mawe zaidi. Ikipanda, kodi bado itamlisha mama. Kwa akiba hiyo pekee, vyumba viwili vilivyobaki vitapatikana kwa muda wa miaka minne na nusu hivi, na hakuna atakayemdai.

Mengine mawili tuliyaandika kwa ufupi. Kodi ya mwezi mmoja anayoiweka mpangaji anapoingia ni amana yake, si pato. Isitiwe katika ujenzi, kwa sababu siku atakayohama ataidai. Na kiwanja chenyewe ni mirathi ya marehemu baba ambayo haijagawanywa. Mama ana thumuni yake, na kila dada ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Jiwe la kwanza lisiwekwe mpaka igawanywe mbele ya Kadhi, au ayanunue mafungu yao kwa ridhaa na maandishi. Mabinti wengi wa pwani hii wamenyamaza ndugu zao wakijenga, na kunyamaza kwao kukahesabiwa kuwa wameacha haki yao.

Kijana alijibu baada ya siku tatu. Amekubali vyumba vinne, na mkopo ameurudisha kwa shukrani. Kuhusu kiwanja ameomba muda, kwa kuwa kaka yake mkubwa hataki kusikia habari ya kugawanya. Tumemjibu kwamba muda anao, ila fundi asiitwe.

Wabillahi tawfiq.