Habaryar, ayuuto ya 5,000 siiwezi

Wiki iliyopita nilimwandikia habaryar wangu barua ya kukataa kuingia kwenye ayuuto yake. Ndiyo, barua ya karatasi, na tunaishi mtaa mmoja hapa Elwak. Ningempigia simu angenishinda kabla sijamaliza salamu.

Kwa wale hawajui, habaryar ni mama mdogo, dada ya mama. Na ayuuto ni ule mchango wa mzunguko ambao wengine wanauita hagbad, na Wakenya wengi wanaujua kama chama cha meri-go-raundi. Ya habaryar ina wanawake 11, wengi wao wafanyabiashara wa nguo na mboga. Alitaka mimi niwe wa 12. Kila mmoja anatoa 5,000 kila tarehe 5, na mwezi huo mtu mmoja anabeba 60,000 zote. Baada ya miezi 12 kila mtu ametoa 60,000 na amepata 60,000. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna karatasi. Kuna jina lako tu.

Watu wanasema ayuuto ni kuweka akiba. Ni kweli, lakini inategemea zamu yako. Wa mwisho ndiye anayeweka akiba. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake. Habaryar, kwa huruma yake, aliniahidi zamu ya pili ili ninunue kamera nzuri, maana kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake, kule ambako mwanamume mwenye kamera haruhusiwi kuingia. Nikaona ile 60,000 mbele ya macho, walahi. Halafu nikapiga hesabu: mwezi wa pili nitakuwa nimetoa 10,000 peke yake. Ile 50,000 iliyobaki ni deni, na linalipwa kwa miezi 10.

Sasa tuongee mapato. Nilifungua daftari nikaangalia miezi sita iliyopita, kuanzia Ramadhani: 8,000, 9,000, 14,000, 8,000, 15,000, 21,000. Jumla 75,000, yaani wastani wa 12,500 kwa mwezi. Vitu ambavyo siwezi kuruka ni 7,000: 4,000 ya chakula nyumbani, 1,500 ya shule ya mdogo wangu, na 1,500 ya bando. Inabaki 5,500. Kwa wastani naweza kabisa, hata nabaki na mia tano ya chai!

Hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya. Tarehe 5 hailipwi kwa wastani, inalipwa kwa pesa iliyoko mfukoni siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani, ambapo harusi ni chache, ningebaki na 1,000. Imepungua 4,000. Mwezi wa pili ningebaki na 2,000, imepungua 3,000 nyingine. Nikiendelea hivyo, kufika mwezi wa nne ningekuwa na deni la 9,000 kwa watu wengine, ili nisionekane nina deni kwa ayuuto. Mwezi wa sita ningemaliza kulipa, sawa, lakini kama tu hakuna mtu ameugua nyumbani na simu haijaanguka. Na harusi hapa zinafuata soko la mifugo. Mvua ikikosekana bei ya ng'ombe inashuka, na mwenye binti anapunguza sherehe. Kitu cha kwanza anachofuta ni mpiga video.

Mtu mmoja akishindwa, nani anaumia? Mwenye zamu. Habaryar anaagiza madira na garbasaari kutoka Isli, na akishapanga oda ya 60,000, akipata 55,000 kuna bahasha ya nguo inabaki Nairobi. Ndiyo maana anayekusanya huziba pengo kwa pesa yake. Kwenye ule ukame mrefu wa kuanzia mwishoni mwa 2020, kabla mvua kubwa ya mwisho wa 2023, habaryar alikuwa anakusanya ayuuto ya 3,000. Mwanachama mmoja alikuwa anauza maziwa. Alichukua zamu yake mapema, kisha ng'ombe wakaisha. Habaryar alimlipia miezi minne, 12,000, na hakumtaja mbele ya watu. Lakini yule mama aliacha kupita mbele ya duka. Mpaka leo anazungukia nyuma ya msikiti.

Mimi sitaki kuzungukia nyuma ya msikiti.

Na kuna kitu kingine kilichofanya iwe ngumu. Simu niliyoanzia kazi hii, habaryar ndiye alininunulia, na pesa ilitoka kwenye zamu yake. Kwa hiyo mara mbili alipouliza nilijibu "inshallah". Mnajua ile inshallah yetu ya kukwepa. Mimi nilimaanisha hapana, yeye akasikia ndiyo, na nafasi ya 12 ikawekwa kwa jina langu. Kura ilikuwa Ijumaa. Nikichelewa, wangepanga zamu na oda zao juu ya mtu ambaye hayupo. Jumanne nikaandika hivi:

"Habaryar mpendwa, asalaam aleikum. Nimeshukuru kwa kunifikiria, na najua zamu ya pili ungeweza kumpa mwingine. Nakuomba uondoe jina langu kabla ya kura ya Ijumaa. Elfu tano kila mwezi siiwezi. Miezi mingine naiweza, lakini katika miezi sita iliyopita mitatu nisingeiweza, na najua ungenilipia bila kusema. Sitaki unilipie. Nilisema inshallah wakati nilipaswa kusema hapana, nisamehe kwa hilo. Mama hajui habari hii, usimlaumu. Jumamosi nitakuja dukani kama kawaida."

Ni hiyo tu. Sikuandika "labda mwaka ujao", kwa sababu hiyo ni inshallah nyingine. Sikusingizia ugonjwa pia. Nilitaja kiasi, sababu, na siku, ili apate muda wa kutafuta mtu.

Jioni akanitumia voisi ya dakika nne. Dakika tatu ni kunigombeza kwamba ningesema mapema. Kisha akasema, "Chukueni nusu nusu na binamu yako, 2,500 kila mtu, zamu moja mgawane." Hiyo inafanyika sana, watu wawili kushika mkono mmoja. Nikarudi kwenye daftari. Mwezi wangu mbaya unabakisha 1,000. Hata nusu siiwezi, na nikamwambia hivyo.

Akanyamaza siku moja. Alhamisi akauliza swali ambalo ningetamani angeanza nalo: "Sasa wewe unaweza ngapi?"

Elfu moja, nikamwambia. Mwezi mzuri au mbaya, elfu moja.

Ijumaa kura ilipigwa, nafasi ya 12 ikaenda kwa mama mmoja wa mboga. Jumamosi nilienda dukani, tumbo limenikaza. Kwetu habaryar naye anakuita habaryar, neno ni moja pande zote mbili. Aliniona mlangoni akasema, "Habaryar, ingia, shika hiki kitambaa nikate." Nikashika.