Sigara Arobaini kwa Wiki

Mwaka wa pili nilipoambiwa nilipie kadi ya bima ya afya, shilingi 50,400, nilijibu kwamba sina hela. Nilikuwa nimesimama dukani kwa Mangi, sigara mkononi.

Wiki sita baadaye malaria ikaniangusha. Kipimo, dripu mbili na dawa vikafika shilingi 38,000. Rumeti wangu alilipa kwa hela yake ya kula, halafu kwa siku kumi nikamwona akishindia mihogo. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Nilipopona nilitaka kujua hela yangu inakwenda wapi. Kama mngeniuliza, ningesema navuta sigara tatu kwa siku. Nikachukua daftari, na kwa wiki nzima kila nilipowasha sigara nilichora kijistari ukurasa wa mwisho. Jumatatu hadi Alhamisi na Jumapili, sigara nne kwa siku. Ijumaa na Jumamosi, kumi kumi. Jumla 40. Mimi hununua moja moja kwa shilingi 250, na hapo ndipo penye mtego: hujawahi kutoa noti ya elfu kumi ukaiona inaondoka. Inaondoka vilevile, ila kwa vipande arobaini.

Tena sigara haitembei peke yake. Nilikuwa nanunua pipi tatu kwa siku za kuua harufu, shilingi 150, na kahawa na kashata za shilingi 300, maana pale kijiweni huwezi kukaa kavukavu. Kwa wiki hiyo ni 3,150 juu ya elfu kumi. Jumla 13,150.

Sasa tupige ya mwaka, lakini kwa haki. Wengi huzidisha mara 52, wanapata namba ya kutisha ambayo wenyewe hawaiamini. Mimi chuoni nakaa wiki 34, kwa hiyo ni 447,100. Wiki 18 zilizobaki nipo nyumbani, navuta mbili kwa siku kwa kujificha nyuma ya banda, pipi na kahawa hakuna. Hiyo ni 63,000. Mwaka mzima, shilingi 510,100. Ni kadi za bima za miaka kumi, na chenji inabaki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua pakiti nzima kwa 4,500 ili niokoe shilingi 500. Sigara ishirini zikaisha kwa siku mbili, kwa sababu zilikuwa mfukoni. Kosa la pili lilikuwa kupunguza kuvuta na kuiacha hela kwenye simu. Mwisho wa mwezi niliangalia salio, hakuna kitu. Hela isiyovutwa ilikuwa imegeuka chipsi mayai na bando.

Ndipo nikanunua kibubu cha mbao, kile cha kupigiliwa misumari, ambacho hukifungui bila kukivunja. Kila asubuhi, kabla sijatoka chumbani, natumbukiza shilingi 1,900, ambayo ndiyo bajeti ya siku ya sigara na wenzake. Nikija kuvuta, basi hela inatoka kwenye chakula, na tumbo linanikumbusha.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa mbaya. Usingizi hamna, hasira juu ya vitu vya kijinga. Wiki ya tatu ndiyo nikaanza kutulia. Kahawa nilibaki nayo, nikagundua kwamba benchi lile la kijiweni ndilo linaloniitia sigara, basi nikahamia kwa mama mmoja anayeuza karibu na maktaba, ambako hakuna anayevuta. Wiki ya mitihani niliteleza: sigara kumi na mbili, na siku kadhaa kibubu hakikupata kitu. Nilizichora zote kwenye daftari. Wiki ya sigara kumi na mbili bado si wiki ya arobaini.

Mwisho wa muhula, wiki 17, tulikivunja mimi na rumeti. Kwa hesabu ya 13,150 kila wiki kilipaswa kuwa na 223,550. Tulikuta 148,350. Pengo hilo ni kahawa, kuteleza, na siku ambazo kweli sikuwa na hata mia. Sikuona aibu.

Kwanza nilihesabu 38,000, nikampa.

"Za nini hizi, mwanangu?"

"Za dripu."

Akazihesabu upya taratibu, akacheka. "Na mihogo yangu?"

Nikamnunulia wali kuku. Kesho yake nikalipia kadi ya bima, 50,400. Ninayo kwenye pochi, mahali nilipokuwa naweka kiberiti. Kibubu kipya tayari kina misumari, na daftari lina kijistari kimoja cha wiki hii.