Sekunde Tatu za Kwanza



Juma hili vijana wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa hapa Masasi waliniletea mswada wa video ya dakika moja kuhusu akiba kwa mkulima mdogo wa korosho. Ulianza hivi: “Habari zenu, ndugu watazamaji. Leo tutazungumzia umuhimu wa kuweka akiba kwa watu wenye kipato kidogo.” Niliusoma kwa sauti huku nikitazama saa: sekunde nane. Mtu anayepitisha kidole kwenye kioo cha simu hutoa sekunde mbili au tatu tu, na kufikia hapo alikuwa bado anasalimiwa.

Niliwauliza: mnazungumza na nani, na ni mwezi gani unaomtesa? Walijibu bila kusita. Ni yule ambaye fedha za mnada humjia mara moja kwa mwaka, mwisho wa mwaka au mwanzoni mwa mwaka mpya, na ifikapo Juni hana hata ya kununulia salfa ya kupulizia mikorosho. Ndipo anapouza kwa kangomba: korosho ambazo hajavuna, kwa kipimo kisicho rasmi na bei ya kutupa. Basi, nikawaambia, anzeni hapo hapo panapomuuma.

Tukaandika: “Uliuza korosho zikiwa bado maua?” Maneno matano, sekunde mbili. Picha iwe tawi la mkorosho lililochanua na mkono unaopokea noti. Maneno hayo yaandikwe pia kwenye kioo, kwa maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.

Swali likishamshika mtu, sentensi ya pili humlipa: “Shilingi 2,000 kila juma tangu Januari hukufikisha mwisho wa Juni ukiwa na 52,000.” Ni majuma 26, na kila mtu aweza kuhesabu mwenyewe. Kiasi hicho hakimalizi gharama zote za shamba, wala mswada usidai hivyo. Hununua salfa kidogo, na hupunguza kile ambacho mtu angelazimika kuuza mapema.

Kijana mmoja alipendekeza, “Pata milioni kwa miezi sita!” Tulipiga hesabu: ingehitajika zaidi ya shilingi 38,000 kila juma. Mwenye kipato kidogo anaujua mfuko wake. Ataondoka mara moja, au atabaki hadi mwisho na asikiamini tena kikundi.

Kabla ya kurekodi, wamsomee mtu asiye mwanakikundi ufunguzi huo mara moja tu, kisha wamuulize video inahusu nini. Akijibu “akiba”, basi sentensi bado ni pana mno. Akianza kusimulia mikorosho yake mwenyewe, warekodi. Salamu zinaweza kungoja mwisho.